Mananasi ya Bombo yaliyotoa jasho: uchambuzi wa kisa kimoja cha ukaushaji

Pakiti kumi na mbili za mananasi makavu zilirudishwa Bombo kutoka duka moja la Kampala siku ya kumi na tisa baada ya kufungwa. Nilipozipokea, kavera zilikuwa na matone madogo ya maji upande wa ndani, na nilipoikata ya kwanza harufu ya pombe changa ilinijia kabla sijatoa kipande hata kimoja. Vipande vyembamba vilikuwa bado na rangi nzuri ya dhahabu, isipokuwa vilinata. Vipande vinene vilikuwa na ukungu mweupe katikati, karibu na moyo wa nanasi. Tofauti hiyo kati ya kipande chembamba na kinene ndani ya pakiti moja ndiyo iliyonifungulia kisa chote, ingawa siku ile sikuipa uzito uliostahili.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama wa Bombo, mji wa Wanubi katika wilaya ya Luweero, ambako mananasi hupatikana kwa wingi na Kiswahili husikika nyumbani na sokoni. Wana kikaushio cha jua cha aina ya handaki: hewa huingia upande mmoja, hupashwa moto chini ya plastiki angavu, kisha husukumwa na feni ndogo juu na chini ya trei za wavu zilizopangwa vipande. Mwenyekiti wao, ambaye sote tunamwita Hajati, alikuwa ameshafikia uamuzi wake kabla sijafika. “Mwalimu, kosa ni kavera,” aliniambia. “Mananasi yalikuwa makavu. Niliyashika mwenyewe kwa mkono huu.” Vijana wa kikundi walikuwa na dawa nyingine: waweke jiko la mkaa penye mlango wa hewa ili joto liongezeke. Niliomba tusibadili chochote kwanza, bali warudie kazi ileile kwa namna ileile, nami nipime.

Tulichagua trei moja yenye eneo la mita ya mraba moja, tukaipanga kilo 5.00 za vipande vibichi vilivyokatwa kwa kisu kama kawaida yao, na tukaipima kila saa kwa mizani inayosoma gramu kumi kumi. Hewa ya nje ilikuwa na nyuzi 27 za Selsiasi na unyevuanga wa karibu asilimia 65. Ndani ya handaki, kabla ya kufikia trei, ilikuwa imepanda hadi nyuzi 55. Hewa hiyo haikupoteza maji yoyote njiani. Ila kwa kuwa hewa ya moto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, unyevuanga wake ulishuka hadi asilimia 15 hivi, na hiyo ndiyo nguvu yote ya kikaushio cha namna hii.

Kabla ya kusoma namba za mizani ni lazima kukubaliana juu ya jambo moja la hesabu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Nanasi lile lilikuwa na maji asilimia 86 ya uzito wake, maana yake kilo tano zilikuwa na yabisi gramu 700 tu, yaani sukari, nyuzinyuzi, asidi na vingine visivyotoka kwa hewa. Gramu hizo 700 hazibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Kwa hiyo badala ya kuuliza maji ni asilimia ngapi ya uzito wa sasa, ambao wenyewe unabadilika kila saa, tunauliza kuna kilo ngapi za maji kwa kila kilo moja ya yabisi:

```
X = (uzito wa sasa - uzito wa yabisi) / uzito wa yabisi
```

Trei yetu ilianza na X ya 6.14. Kipande chenye maji asilimia 15 ya uzito wake, ambacho kwa mazoea huhesabiwa kuwa kimekauka vizuri, kina X ya 0.176, na trei nzima ikifika hapo itakuwa na uzito wa kilo 0.82. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kutoa maji kilo 4.18.

Siku ya kwanza iliwafurahisha wote. Tuliweka trei saa mbili asubuhi. Saa ya kwanza ilitoa gramu 400, kwa sababu sehemu ya joto ilitumika kuvipasha vipande vyenyewe. Baada ya hapo kila saa ilitoa gramu 520, saa tatu mfululizo, bila kupungua. Katika kipindi hiki uso wa kipande ni kama nguo iliyotoka kufuliwa: maji yapo juu tele, na kasi ya kukauka inaamuliwa na hewa, si na nanasi. Ukiongeza joto au mwendo wa hewa katika saa hizi, utaona faida yake papo hapo kwenye mizani. Naongeza kwamba kwa matunda kipindi hiki huwa kifupi, na mara nyingine hakionekani kabisa. Kwetu kilionekana kwa sababu vipande vilikuwa vibichi na vilowevu mno na joto la jua lenyewe ndilo lililokuwa kikwazo.

Kuanzia saa sita mchana, X ilipokuwa imefika 3.3 hivi, kasi ilianza kushuka ingawa jua lilikuwa kali kuliko asubuhi. Saa iliyofuata ilitoa gramu 460, kisha 380, kisha 300, kisha 230, na ya mwisho 170. Hiyo X ya 3.3 ndiyo inayoitwa unyevu wa kipeo: mahali ambapo maji kutoka ndani hayafiki tena juu kwa haraka inayotosha kuuweka uso ukiwa umelowa. Saa kumi na moja jioni trei ilikuwa na kilo 1.50. Kilo tatu na nusu za maji zilikuwa zimetoka, yaani asilimia 84 ya maji yote yaliyopaswa kutoka, na mtu yeyote anayehesabu kwa mazoea angesema kesho saa mbili tatu zinatosha.

Usiku ule trei zilibaki ndani ya handaki, na asubuhi tulikuta kilo 1.47. Siku ya pili mizani ilisema hadithi nyingine kabisa. Kati ya saa mbili na saa nne tulitoa gramu 100 kwa saa; hadi saa sita, gramu 80; hadi saa nane, 55; hadi saa kumi, 35; na saa ya mwisho kabla ya saa kumi na moja, gramu 30 tu. Trei ilikuwa na kilo 0.90. Hajati alichukua kipande, akakibonyeza kwa vidole, akakikunja, akanipa. Kilikuwa kikavu kwa kushika, bila unyevu wowote kwenye ngozi ya kidole. “Umeona?” akasema. Wakati ule ndipo huwa wanatoa trei na kufunga pakiti.

Hesabu ya kilo 0.90 ni hii: maji gramu 200 kwa yabisi gramu 700, X ya 0.286, au asilimia 22 ya uzito. Zimebaki gramu 80 kufikia lengo. Siku ya kwanza gramu 80 zilikuwa kazi ya dakika tisa au kumi. Sasa je?

Nilichora kasi dhidi ya X, wala si uzito dhidi ya saa, kwa sababu mchoro wa uzito huonekana umelala bapa mwishoni na kumdanganya mtu kwamba kazi imekwisha, ilhali mchoro wa kasi humwonyesha ni kiasi gani cha kasi kilichobaki kwa kila kiasi cha maji yaliyobaki. Katika sehemu ya mwisho kasi hushuka karibu kwa uwiano na maji yaliyosalia juu ya unyevu wa mlingano, yaani ule ambao kipande kingebaki nao hata kingekaa ndani ya hewa ile daima. Kwa hewa ya nyuzi 55 na unyevuanga wa asilimia 15, mlingano huo ni X ya 0.06 hivi. Kasi ya gramu 30 kwa saa ilipatikana X ilipokuwa 0.31 kwa wastani, kwa hiyo kiasi kilichokuwa juu ya mlingano kilikuwa 0.25. Ukigawanya gramu 30 kwa gramu 700 za yabisi, kisha kwa 0.25, unapata kwamba kila saa inaondoa takriban asilimia 17.1 ya maji yaliyo juu ya mlingano. Muda wa kutoka 0.286 hadi 0.176 ni huu:

```
t = ln[(0.286 - 0.06) / (0.176 - 0.06)] / 0.171 = 3.9 saa
```

Karibu saa nne za jua zuri kwa gramu 80. Na jua la saa kumi na moja jioni halina saa nne mbele yake.

Kufikia hapo tungeweza kusema tu kwamba walitoa mapema. Lakini swali la Hajati lilikuwa la haki: kama kipande kimekauka kwa kushika, hayo maji yanayoozesha yametoka wapi? Ili kulijibu nilitenganisha vipande vya trei ile kwa unene, kwa kutumia kipimio cha fundi. Vilivyokuwa na milimita 6 hivi vilibeba asilimia 60 ya yabisi yote, na vilivyokuwa na milimita 9 vilibeba asilimia 40. Kila kundi nilipima maji yake katika oveni ya ombwe kwa nyuzi 70, kwa sababu kwenye oveni ya kawaida ya nyuzi 105 sukari ya tunda huanza kuvunjika na kupoteza uzito, na mizani huhesabu upotevu huo kana kwamba ni maji. Vyembamba vilikuwa na X ya 0.18: vimefika. Vinene vilikuwa na X ya 0.445. Wastani wa trei ulikuwa sahihi, 0.286, lakini hapakuwa na kundi hata moja lililokuwa na unyevu wa wastani huo.

Sababu ni njia ya maji ndani ya kipande. Baada ya unyevu wa kipeo, maji husafiri polepole kutoka katikati kwenda juu kwa mtawanyiko, na muda wa safari hiyo hukua kwa mraba wa unene. Kipande cha milimita 9 ni kinene mara moja na nusu kuliko cha milimita 6, lakini katika kipindi hicho kinahitaji muda wa mara mbili na robo. Kidole nacho hugusa uso tu. Uso wa kipande kinene ulikuwa mkavu kama wa kipande chembamba, kwa kuwa zote mbili zilikuwa zikipigwa na hewa ileile. Maji yalikuwa katikati, kule kule ulikoota ukungu kwenye pakiti zilizorudishwa.

Sasa tunafika kwenye isothemu, na bila hiyo namba 0.286 haina maana yoyote kwa mtu anayetaka kujua kama nanasi litaoza. Kuvu na hamira hazijali kuna maji kiasi gani. Zinajali maji hayo yako huru kiasi gani. Uhuru huo hupimwa kwa aw, ambayo ni mgandamizo wa mvuke juu ya chakula ukilinganishwa na wa maji safi kwa joto lilelile. Chini ya 0.60 hakuna kiumbe kinachoota. Hamira zilizozoea sukari nyingi na kuvu chache zinazostahimili ukavu huanza juu kidogo ya hapo, na kadiri unavyopanda kupita 0.70 hadi 0.80 orodha ya wanaoweza kuishi huongezeka haraka. Isothemu ni mstari unaounganisha X na aw kwa joto moja, na kila tunda lina wake.

Njia ya kuupata ni ya polepole, ila haihitaji mashine ya gharama. Vipande vidogo huwekwa ndani ya vyombo vya kioo vilivyozibwa, juu ya uji mzito wa chumvi ambayo hewa yake ina unyevuanga unaojulikana: kwa nyuzi 25 kloridi ya magnesi hutoa asilimia 33, kaboneti ya potasi 43, bromidi ya sodi 58, chumvi ya mezani 75, na kloridi ya potasi 84. Huachwa hadi uzito usibadilike tena, jambo linalochukua wiki kadhaa, na katika vyombo vya unyevuanga wa juu huwekwa timoli kidogo ili ukungu usiwahi kabla ya mlingano. Nilianza na vipande vilivyokuwa bado na unyevu na kuviacha vipoteze maji, kwa sababu ndiko bidhaa ya Bombo inakotoka; kipande kinachoshuka hubeba maji zaidi kidogo kuliko kinachopanda kwa aw ileile, na mtu akichanganya njia hizo mbili mstari wake hutoka na mkunjo usioeleweka.

Matokeo kwa mpangilio huo wa chumvi yalikuwa X ya 0.11, 0.14, 0.19, 0.35 na 0.56. Tazama namba hizo zilivyopanda. Kutoka 33 hadi 58, yaani hatua 25 za unyevuanga, nanasi limeongeza maji 0.08 tu. Kutoka 58 hadi 84, karibu hatua zilezile, limeongeza 0.37. Huo ndio mwenendo wa vyakula vyenye sukari nyingi: chini sukari imeshikana na haitaki maji, lakini unyevuanga ukipanda inaanza kuyeyuka na kuyavuta.

Tukisoma vipande vyetu juu ya mstari huo, vile vyembamba vya 0.18 vina aw ya 0.55 na viko salama. Vinene vya 0.445 vina aw ya 0.80. Vikifungwa pamoja, maji huhama kutoka vinene kwenda vyembamba hadi vyote vilingane, na hapo ndipo kuna mtego ambao napenda kila mwanafunzi wangu auone kwa macho yake. Mtu angetarajia mlingano uwe wastani wa 0.55 na 0.80 kwa uzito wao, ambao ni 0.65. Sivyo. Kinachogawanywa ni maji, si aw; wastani wa maji ni 0.286, na mstari ukiusoma hapo unatoa 0.70. Kwa kuwa isothemu inapinda kwenda juu, mchanganyiko wa vikavu na vilowevu daima huishia karibu zaidi na vilowevu kuliko tunavyodhani. Tena kuhama huko huchukua siku nyingi, na katika siku hizo kipande kinene kinakaa karibu na 0.80, ambako hamira na ukungu hazihitaji kusubiri.

Matone kwenye kavera nayo yalipata maelezo yake. Hewa iliyo ndani ya pakiti juu ya vipande vya 0.80 ina unyevuanga wa asilimia 80. Ikiwa pakiti ina nyuzi 27 mchana, inatosha plastiki ipoe nyuzi nne tu, tuseme kwenye gari usiku, ili umande utokee. Kwa vipande vya 0.55 ingebidi plastiki ipoe karibu nyuzi kumi. Kavera haikuwa imeingiza maji. Ilikuwa imeyaonyesha.

Nilipomwonyesha Hajati mstari huo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo vijana hawakulifikiria: “Na tukiacha trei usiku wa pili, si zitaendelea kukauka polepole?” Tulijaribu. Trei ya kilo 0.90 iliyolala ndani ya handaki iliamka na kilo 0.94. Usiku hewa ya Bombo hupoa na unyevuanga wake hupita asilimia 90, na isothemu inasema nanasi lenye X ya 0.286 likikutana na hewa ya namna hiyo litavuta maji, si kuyatoa. Usiku wa kwanza trei ilipoteza gramu 30 kwa sababu vipande vilikuwa bado na X ya 1.14, juu ya mlingano wa hewa ile. Handaki lilelile, hewa ya usiku ileile, na mwelekeo wa maji umegeuka. Kilichobadilika ni upande gani wa mstari ambao tunda limesimama. Gramu hizo 40 ziligeuza saa nne zilizobaki kuwa saa tano.

Kuhusu jiko la mkaa nilikataa, na nilieleza kwa mchoro wa kasi. Joto zaidi asubuhi ya siku ya kwanza lingeharakisha gramu 520, ambazo hazikuwa tatizo. Likizidi mno mapema, uso wa tunda lenye sukari hukakamaa na kuwa ngozi ngumu inayozuia maji ya ndani, na mchoro huonyesha hilo waziwazi: kasi huporomoka wakati X ingali juu. Siku ya pili mwendo wa hewa hausaidii karibu chochote, joto husaidia kiasi, na unene husaidia kwa mraba. Kwa hiyo badiliko la kwanza lilikuwa la kisu. Fundi alipigilia vijiti viwili vya milimita 6 juu ya ubao, nanasi likalazwa katikati, na kisu kikapita juu ya vijiti.

Badiliko la pili lilikuwa ndoo zenye vifuniko vinavyoziba. Jioni ya siku ya pili vipande vyote vinaingia ndoo na kulala humo. Havivuti maji ya usiku, na zaidi ya hapo maji ya katikati hupata muda wa kusogea juu, kwa hiyo saa ya kwanza ya asubuhi hutoa maji mengi kuliko saa ya mwisho ya jana.

La tatu lilikuwa namna ya kujua mwisho, na hapa nakiri kwamba pendekezo langu la kwanza lilikuwa na kasoro. Niliwaambia wakomeshe trei inapofika kilo 0.82. Hiyo ni sahihi kwa nanasi lenye yabisi asilimia 14. Msimu ukibadilika na mananasi yakawa matamu zaidi, yabisi ikafika asilimia 16, trei ya kilo tano ina yabisi gramu 800 na mwisho wake ni kilo 0.94, mtu akiisubiri ifike 0.82 atasubiri bure, maana itabaki na maji gramu 20 tu, kiasi ambacho hewa ile haiwezi kukifikia. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: aliyezoea kukomesha kwenye 0.94 akipata mananasi ya mvua yenye asilimia 14 atafunga vipande vya X 0.34, na hiyo ni aw ya 0.75. Uzito unafaa kama onyo la kukaribia mwisho, na hata hivyo ni kwa anayepima yabisi ya kila shehena.

Kilichotufaa ni kipimo kidogo cha unyevuanga, cha aina inayotundikwa ukutani, kilichowekwa ndani ya ndoo juu ya vipande. Ndoo ikizibwa na kukaa kivulini kwa siku mbili, hewa yake hulingana na vipande, na namba inayosomeka ikigawanywa kwa mia ndiyo aw. Vipimo hivyo hukosea, kwa hiyo kwanza tulikifungia kwenye chupa pana pamoja na kizibo chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo ikawa kama uji. Baada ya usiku mmoja kilisoma 78 badala ya 75. Tukaandika kwa kalamu kwenye kifuniko kwamba tatu zipunguzwe. Ndoo ya vipande vya trei ile ya kilo 0.90, niliyokuwa nimeihifadhi pembeni kabla ya usiku wa pili, ilisoma 74, yaani 71 baada ya kupunguza. Hesabu ilikuwa imesema 70.

Limebaki suala la pesa, ambalo Hajati hakulificha. Pakiti huuzwa kwa uzito, na kutoka kilo 0.90 hadi 0.82 kila trei inapoteza gramu 80 ambazo zingeuzwa kwa bei ya nanasi. Aliuliza kama hawawezi kusimama kwenye 0.60 yenyewe. Hapo X ni 0.21 na trei ina kilo 0.85, kwa hiyo angeokoa gramu 30 hivi. Nilimshauri abaki kwenye 0.55, kwa sababu hapo pana nafasi ya gramu 30 hivi kabla ya kufika 0.60, na kosa la gramu chache halimvushi mpaka. Lakini aliyesimama kwenye 0.60 kosa lilelile humpeleka ndani ya eneo la hamira, na kavera nyepesi nayo huruhusu mvuke kidogo kidogo kila wiki. Alihesabu kwenye kidole gharama ya pakiti kumi na mbili zilizorudi, akakubali.

Trei ya kwanza ya vipande vya milimita 6 ilifika kilo 0.85 jioni ya siku ya pili, ikalala kwenye ndoo, ikarudi juani kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, ikatoka na kilo 0.82. Baada ya siku mbili kipimo kilisoma 58. Hajati alipunguza tatu mwenyewe, akaandika 55 kwenye daftari la kikundi, kisha akaagiza ndoo nyingine isifunguliwe hadi nayo isomwe.